Dozi ya pili ilipotelea wapi? Jinsi programu inavyojipimia hatua, na kile isichoweza kukiona

*"Nafuatilia kiwango cha dawa kwenye damu kwa kutumia solve_ivp ya SciPy. Dawa inaingia kwa dripu ya nusu saa, mg 200, mwanzoni na tena saa ya 12. Ujazo ni lita 20, na mwili unaiondoa kwa kasi ya 0.2 kwa saa. Mipangilio mingine nimeiacha kama ilivyokuja. Grafu inaonyesha dozi ya kwanza tu. Saa ya 24 napata 0.087 mg/L, lakini hesabu ya karatasini inanipa 1.04. Hakuna onyo lolote. Nimeongeza t_eval hadi nukta 5,000 na hakuna kilichobadilika. Si wanasema RK45 inajirekebisha hatua yenyewe? Au nirudi tu kwenye hatua zisizobadilika?"*

Karatasi yako iko sahihi. Ukiipa dozi ya pili nafasi yake, saa ya 24 damu inabaki na 1.0406 mg/L. Ukiifuta, inabaki 0.0866, na hiyo ndiyo namba uliyoletewa. Kwa hiyo programu haikukosea kupiga hesabu: ilipiga vizuri kabisa hesabu ya mgonjwa aliyepewa dozi moja. Swali la kujiuliza ni kwa nini haikujua kwamba ipo ya pili, na kwa nini kadirio lake la kosa halikupiga kelele. (Saa zote humu ni saa tangu dripu ya kwanza ilipofunguliwa, si saa za ukutani.)

Tuanze na kadirio lenyewe, maana wengi hulichukulia kama mlinzi anayejua jibu sahihi na kulinganisha nalo. Jibu sahihi halijui mtu yeyote, ndiyo sababu tunapiga hesabu. Kinachofanyika ni ujanja wa kupata majibu mawili kwa gharama ya moja. Programu huuliza mlinganyo wako kasi ya mabadiliko kwenye nukta kadhaa ndani ya hatua moja, kisha huzichanganya kasi hizo kwa uzito wa aina mbili. Mchanganyiko mmoja hutoa jibu la daraja la juu, mwingine hutoa jibu la daraja la chini. Ni mapacha: wamezaliwa na kasi zilezile. Tofauti kati yao ndiyo inayoitwa kadirio la kosa.

Chukua pacha wadogo kabisa, wanaohesabika kwa kalamu. Dripu imeshafungwa, damu ina 10 mg/L, na mlinganyo ni y' = −0.2y. Tujaribu hatua ya saa nzima. Kasi mwanzoni ni −2. Ukiifuata hiyo peke yake hadi mwisho wa saa, yaani njia ya Euler, unapata 8. Sasa uliza kasi pale kwenye 8: ni −1.6. Chukua wastani wa kasi mbili, −1.8, uanze upya kutoka 10: unapata 8.2, na hiyo ni njia ya Heun. Tofauti ya mapacha ni 0.2. Jibu halisi ni 8.1873, kwa hiyo Euler amekosea kwa 0.187 na Heun kwa 0.013 tu. Tazama vizuri: kadirio la 0.2 linakaribia sana kosa la Euler, yule dhaifu. Kosa la Heun halikupimwa na mtu.

Sasa 0.2 ni kubwa au ndogo? Hapo ndipo `rtol` na `atol` zinapoingia. Kosa linaloruhusiwa kwenye hatua ni `atol` kujumlisha `rtol` mara ukubwa wa y. Kwa `rtol` ya 0.001 na y ya 10, ruhusa ni kama 0.01. Tumekosea kwa 0.2, mara 20 ya ruhusa, kwa hiyo hatua inakataliwa: muda haujasogea, tunarudi palepale na hatua fupi zaidi. Fupi kiasi gani? Kosa la Euler ndani ya hatua moja hukua kwa mraba wa urefu wa hatua, kwa hiyo ili kulipunguza mara 20 unagawa hatua kwa kipeuo cha pili cha 20. Halafu unazidisha kwa 0.9 ili usije ukakosa kwa unywele na kurudia tena. Inakuja 0.201; tuseme 0.2.

Rudia kwa hatua ya 0.2. Euler anatoa 9.6, kasi ya pili ni −1.92, Heun anatoa 9.608. Tofauti ni 0.008, chini ya 0.01, hatua imekubaliwa. Programu inaendelea na jibu la Heun, yule bora, ingawa aliyepimwa ni Euler. Jibu halisi ni 9.60789, kwa hiyo kosa lililobaki ni 0.0001, dogo mara 75 hivi kuliko kadirio. Hiyo ni desturi ya njia nyingi za leo: pima pacha dhaifu, tembea na pacha imara. Ukiona programu imekupa usahihi zaidi ya ulioomba, mara nyingi chanzo ni hicho.

RK45 unayotumia ni ukoo huohuo, ila mapacha wake ni wa daraja la 5 na la 4. Erwin Fehlberg alichapisha jozi ya madaraja hayo NASA mwaka 1969. Dormand na Prince walitoa yao mwaka 1980, na hiyo ya pili ndiyo iliyomo ndani ya `RK45` ya SciPy na `ode45` ya MATLAB. Kwa kila hatua huuliza mlinganyo wako mara saba, lakini swali la mwisho la hatua moja ndilo la kwanza la hatua inayofuata, kwa hiyo unalipia sita. Kosa la pacha wa daraja la 4 hukua kwa kipeo cha tano cha urefu wa hatua. Ndiyo maana hapa kanuni ya kurekebisha hutumia kipeo cha moja ya tano badala ya nusu:

```
h_mpya = h * 0.9 * (kosa / ruhusa) ** (-1/5)
```

SciPy huweka mipaka miwili juu ya hapo. Hatua ikikataliwa, haiwezi kufupishwa chini ya 0.2 ya ilivyokuwa kwa mara moja. Ikikubaliwa, inayofuata haiwezi kurefuka zaidi ya mara 10. Mkumbuke huyo wa mara 10, tutamrudia.

Sasa twende kwenye dozi yako. Baada ya dripu ya kwanza kufungwa, mlinganyo unakuwa mteremko laini wa dawa kupungua, kitu rahisi mno kwa njia ya daraja la 5. Kwa `rtol` ya kawaida, 0.001, ukipiga hesabu ya tofauti ya mapacha wa Dormand na Prince kwenye y' = −0.2y, hatua inatulia kwenye urefu wa karibu saa 4.4. Programu iko sawa kujiamini hivyo: kwa mteremko ule, hatua ya saa 4.4 kweli inatimiza ruhusa.

Tatizo ni mahali inapotazama. Maswali saba huulizwa mwanzo wa hatua, kisha kwenye 1/5, 3/10, 4/5 na 8/9 ya hatua, halafu mara mbili mwishoni kabisa. Kati ya 3/10 na 4/5 pana pengo la nusu ya hatua nzima ambamo hakuna anayetazama. Chukua hatua iliyoanza saa ya 9.4 yenye urefu wa 4.4. Mlinganyo wako utaulizwa saa ya 9.4, 10.28, 10.72, 12.92, 13.31 na 13.8. Dripu ya pili inafunguliwa saa ya 12 na kufungwa 12.5. Kila mara fomyula yako ilipoulizwa, ilijibu kwa haki kabisa: "dripu imefungwa." Mapacha wote wawili waliona kasi zilezile za mteremko laini, wakakubaliana, tofauti ikawa ndogo, hatua ikapita.

Hapo ndipo penye kasoro ya msingi. Kadirio hupima kutokubaliana kwa mashahidi wawili waliosimama sehemu zilezile. Wote wawili wakiwa hawakuona, watakubaliana, na makubaliano yao yataonekana kama usahihi. Onyo halikutoka kwa sababu ndani ya programu hapakuwa na dalili yoyote ya kutoa onyo.

Ukiwa na bahati mbaya zaidi, hata dozi ya kwanza inaweza kurukwa. Tuseme mgonjwa anaanza bila dawa yoyote na dripu ya kwanza ni saa ya 6. Hapo y ni sifuri, kasi ni sifuri, kadirio la kosa ni sifuri kila hatua. Hata ikianza kwa hatua ya 0.000001 ya saa, ikiruhusiwa kurefuka mara 10 kila mara, hatua ya saba ni ya saa nzima na ya nane ni ya saa kumi. Hiyo ya nane inaanza muda mfupi baada ya saa ya 1.1, na maswali yake yanaangukia karibu saa ya 3.1, 4.1, 9.1, 10 na 11.1. Dripu ya saa ya 6 imelala salama katikati ya pengo.

Kuhusu `t_eval`: kosa hili hulifanya karibu kila mtu, kwa sababu jina lake linadanganya. `t_eval` haiagizi programu itembee kwenye nukta hizo. Hatua huchaguliwa kama kawaida, kisha ndani ya kila hatua iliyokubaliwa huchorwa mkunjo laini unaopitia majibu yaliyokwisha kupatikana, na nukta zako 5,000 husomwa kutoka kwenye mkunjo huo. Umepata picha safi zaidi ya jibu lilelile. Ukitaka kuona hatua zenyewe, ondoa `t_eval`, halafu chapisha `np.diff(s.t)`, ambapo `s` ni jibu linalorudishwa na `solve_ivp`. Ungefanya hivyo siku ya kwanza ungeona hatua ya zaidi ya saa nne ikipita juu ya dripu ya nusu saa, na mchezo ungeishia hapo.

Je, kubana `rtol` kungesaidia? Watu wengi wangekujibu hivyo, na pengine ungepona kwa bahati. Ukiweka 1e-6 na kuacha `atol` ya kawaida, hatua karibu na saa ya 12 inashuka hadi kama saa 1.3. Nusu yake ni dakika 40 hivi, bado pana kuliko dripu ya dakika 30. Itategemea tu hatua imeangukia wapi. Ukibana vyote viwili hadi 1e-8, hatua inakuwa kama nusu saa na pengo linakuwa dakika 16, kwa hiyo dripu haiwezi tena kupenya. Lakini kesho ukibadilisha dripu ya nusu saa iwe sindano ya dakika tano, ugonjwa unarudi bila kubisha hodi. `rtol` inaongea juu ya ukubwa wa kosa lililoonekana. Haina la kusema juu ya muda wa tukio.

Dawa yenyewe ni kuacha kuifanya programu itafute kitu ambacho wewe tayari unakijua. Saa za kufungua na kufunga dripu umeziandika mwenyewe. Kata safari kwenye nyakati hizo, na kila kipande ukipige peke yake kwa kasi ya dripu isiyobadilika:

```python
from scipy.integrate import solve_ivp

k, V, R = 0.2, 20.0, 400.0   # kwa saa, lita, mg kwa saa

def f(t, y, kasi):
    return [kasi / V - k * y[0]]

vipande = [(0, 0.5, R), (0.5, 12, 0),
           (12, 12.5, R), (12.5, 24, 0)]
y = [0.0]
for t0, t1, kasi in vipande:
    s = solve_ivp(f, (t0, t1), y, args=(kasi,),
                  rtol=1e-6, atol=1e-8)
    y = s.y[:, -1]
    print(t1, y[0], len(s.t) - 1, s.nfev)
```

Namba za kulinganisha nazo, kwa hesabu kamili: 9.5163 mg/L saa ya 0.5, 0.9541 saa ya 12, 10.3796 saa ya 12.5, na 1.0406 saa ya 24. Safu ya tatu ni idadi ya hatua zilizokubaliwa, ya nne ni mara ambazo mlinganyo umeulizwa. Gawa ya nne kwa ya tatu. Ikikaribia 6, hatua chache sana zinakataliwa. Kwenye vipande vifupi itazidi kidogo kwa sababu ya maswali ya kuchagua hatua ya kwanza. Ikipanda hadi 10 au 12 kwenye kipande kirefu, programu inagonga kitu mara kwa mara, na kuna la kuchunguza.

Angalia kwamba `kasi` imeingia kama namba, si kama `if t < 12.5` ndani ya `f`. Hilo ni la makusudi. Ukibakiza `if`, swali la mwisho la kipande litaangukia hasa saa ya 12.5, na alama ya `<` au `<=` ndiyo itakayoamua jibu. Uamuzi mkubwa hivyo haufai kukabidhiwa alama ndogo hivyo.

Kuna njia nyepesi zaidi, `max_step`, inayoweka dari ya urefu wa hatua. Kwa kuwa pengo kubwa la RK45 ni nusu ya hatua, dripu ya nusu saa haiwezi kupita bila kuonekana hatua ikiwa chini ya saa moja; mimi ningeweka 0.25 ili tukio liguswe zaidi ya mara moja. Itafanya kazi, na kama nyakati za matukio zinatoka kwenye faili lenye mistari elfu kumi usiyoweza kuikata, basi itumie. Lakini ina gharama mbili. Ya kwanza, unalipia hatua fupi saa zote 24 kwa ajili ya saa moja ya dripu. Ya pili haionekani haraka: kanuni ya moja ya tano inategemea mkunjo ulio laini ndani ya hatua. Hatua ikivuka ukingo wa dripu, kosa halikui tena kwa kipeo cha tano cha urefu. Hukua karibu sawa na urefu wenyewe. Programu inadhani ikikata hatua kwa nusu kosa litashuka mara 32, nalo linashuka mara mbili. Inakataa, inakata, inakataa tena, hadi ijibane kwenye ukingo kwa vihatua vidogo sana, kisha inaanza kurefuka upya. Ukikata vipande, ukingo hauko ndani ya hatua yoyote, na kadirio linabaki na maana yake kila mahali.

Sasa neno juu ya `atol`, kwa sababu nimeibadilisha kwenye mfano bila kukuambia. Ile ya kawaida ni 1e-6, na programu haijui kizio chako. Ukihesabu kwa mg/L, sehemu moja ya milioni ya mg/L ni kiasi kisicho na maana kitabibu, sawa. Lakini kuna wanaoandika kila kitu kwa kilo kwa lita. Miligramu moja kwa lita ni 1e-6 ya kilo kwa lita, yaani dawa yote iliyobaki saa ya 12 ni sawa na `atol` nzima. Hapo umeiruhusu programu ikosee kwa asilimia mia moja na iite hatua nzuri. Jiulize: kiasi kidogo kabisa ninachojali ni kipi? Gawa kwa mia au elfu, hiyo ndiyo `atol`. Na kama una vitu vya ukubwa tofauti, mfano dawa kwenye damu na chembe za virusi kwa mililita, `atol` hupokea orodha, namba moja kwa kila kimoja.

Kuna dhana nyingine inayokusubiri mbele, afadhali niiondoe sasa. `rtol=1e-6` si ahadi ya tarakimu sita sahihi mwishoni. Ni ruhusa ya kosa la hatua moja, ukichukulia kwamba mwanzo wa hatua ulikuwa sahihi. Kinachotokea kwa makosa hayo njiani kinategemea mlinganyo. Kwako wewe mwili unaondoa dawa, na kosa lililofanyika saa ya 1 linaondolewa pamoja nayo. Katika mlinganyo unaokua, kama wadudu wanaoongezeka bila kizuizi, kosa la mwanzo hukua nao. Kipimo ninachokiamini ni cha bei rahisi: piga hesabu mara mbili, `rtol` na `atol` zote zikibanwa mara mia kwenye ya pili, kisha tazama tarakimu zipi hazikutikisika. Kwa jozi ya Dormand na Prince, ukibana mara mia, kosa la mwisho hupungua kwa takriban kiasi hichohicho. Likikataa kupungua, kuna ukingo ndani ya hatua mahali fulani. Ila kipimo hiki hakigundui dozi iliyorukwa mara zote mbili. Kwa hilo, linganisha na mizani ya dawa. Mg 400 zimeingia: zilizobaki mwilini pamoja na zilizoondolewa lazima zifike 400. Ongeza mlinganyo wa pili, z' = k·V·y, ukusanye zilizoondolewa, na dozi iliyopotea itajitangaza kama mg 200 zisizo na maelezo.

Na hatua zisizobadilika? Si ujinga. Ukitumia njia ya kawaida ya Runge na Kutta ya daraja la 4 kwa hatua ya saa 0.1, utauliza mlinganyo mara 960 kwa saa 24, dripu zako zinaangukia sawasawa kwenye mipaka ya hatua, na hesabu inaisha kabla hujanyanyua kikombe cha chai. Hasara yake ni kwamba haikuambii lolote. Ukibadilisha k iwe 40, zidisha tu: hatua mara kasi inakuwa 4, zaidi ya 2.8 ambayo njia hiyo inavumilia, na majibu yatalipuka. Zipo kazi ambazo hatua isiyobadilika ndiyo sahihi. Mojawapo ni kifaa kinachopaswa kumaliza hesabu kwa muda uleule kila mzunguko. Nyingine inaweza kukugusa: ukianza kutafuta k inayolingana na vipimo vya mgonjwa kwa kuitikisa kidogo na kuangalia jibu linavyosogea, programu inayojipimia hatua inaweza kubadilisha mpangilio wa hatua kwa mtikisiko huo tu, na jibu likaruka kwa kiasi cha `rtol`. Hapo ama tumia hatua zisizobadilika, ama bana `rtol` hadi 1e-9 na utikise k kwa kiasi kikubwa kuliko hicho kwa mbali.

Siku utakayoongeza sehemu ya pili ya mwili, tuseme tishu inayobadilishana dawa na damu kwa kasi ya 200 kwa saa, utakutana na tatizo la aina nyingine. RK45 haiwezi kuvuka kama 3.3 ukigawa kwa kasi hiyo, yaani dakika moja hivi kwa hatua, hata pale ambapo grafu imenyooka kama rula. Dalili yake ni hii: `nfev` inakuwa maelfu, na ukilegeza au kubana `rtol` haibadiliki sana, kwa sababu kinachobana hatua si kosa bali uthabiti. Kadirio hapa linafanya kazi yake: kila hatua ikijaribu kurefuka, mapacha wanaachana na inarudishwa. Badilisha uweke `method="Radau"` au `"BDF"`. Nazo zina makadirio yao ya ndani, na ukataji wa vipande unabaki uleule.

Ukikwama baada ya hapo, usimpelekee mtu grafu peke yake. Mtafute mtu wa hesabu za kompyuta kwenye idara ya hisabati au uhandisi iliyo karibu nawe, ukae naye ana kwa ana ukiwa na `f`, orodha ya `s.t`, na `nfev` kwa `rtol` tatu tofauti. Kwa hivyo vitatu ataona ndani ya dakika chache kama ni ukingo, ni uthabiti au ni kizio. Na kama namba hizi zinaelekea kuamua dozi ya mgonjwa halisi, zipitie kwanza pamoja na mfamasia wa hospitali anayesimamia dawa hiyo. Kasi ya 0.2 na ujazo wa lita 20 havifanani kwa watu wawili, na mgonjwa mwenye figo dhaifu anaweza kuwa na nusu ya kasi hiyo. Ukiweka 0.1 kwenye programu ileile, saa ya 24 utaona kama 4.0 mg/L badala ya 1.04, na hakuna `rtol` itakayokuonya juu ya hilo.